Kitabu, katibu, maktaba, mkataba: wingi wa maneno uko wapi?

Zoezi la umoja na wingi linajulikana kwa kila aliyepita darasa la tatu. Mwalimu anachora mstari katikati ya ubao, upande wa kushoto anaandika "umoja", wa kulia "wingi". Mtoto anapewa kiti, anaandika viti. Anapewa mti, anaandika miti. Anapewa jicho, anaandika macho. Kisha anafika kwenye neno kama redio, kalamu ikishikwa hewani, kwa sababu hajui kama aandike redio, maredio au aache wazi.

Jibu la mwalimu huwa fupi: "Redio, redio. Halibadiliki." Mtoto ananakili neno lile lile mara mbili na kupata alama yake. Ukimwuliza jioni nyumbani atafsiri kwa wingi sentensi "Redio yangu imeharibika", huenda akakujibu "Redio yetu imeharibika", au hata "Maredio yetu yameharibika". Alipata alama darasani, lakini hakujifunza wingi wa redio. Zoezi lilimpima mahali ambapo wingi wa neno hilo haupo.

Maneno ya kukopa ndiyo yanayolifichua jambo hili vizuri zaidi, kwa sababu yaliingia katika Kiswahili bila ngeli, na kila moja ikabidi litafutiwe mahali pa kukaa. Tuchukue manne tu, yote yanayotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye konsonanti k, t na b, unaohusu kuandika: kitabu, katibu, maktaba na mkataba. Ni ndugu wa damu. Lakini katika Kiswahili kila moja lina wingi wake na ngeli yake.

Kitabu ni vitabu. Waarabu wenyewe katika wingi husema kutub, wakibadilisha irabu za ndani ya neno. Waswahili hawakuifuata njia hiyo. Walisikia ki- mwanzoni mwa neno, wakalifananisha na kiti na kisu, na kwa kuwa kiti ni viti, kitabu kikawa vitabu. Sauti iliyokuwa sehemu ya mzizi wa Kiarabu ikageuzwa kuwa kiambishi cha Kiswahili.

Mkataba ni mikataba, sawa na mti na miti. Msikiti nao umekuwa misikiti na mstari mistari, ingawa yote mawili yana asili ya Kiarabu. Hapa pia sauti ya mwanzo iliyofanana na kiambishi ndiyo iliyolivuta neno kwenye ngeli.

Katibu ni mtu, na jambo hilo hutangulia mengine yote. Neno lilipokelewa kwa ma- katika wingi, makatibu, kama madaktari, mawaziri, marubani na madereva. Lakini kwa kuwa ni watu, upatanisho wake unabaki wa watu: makatibu wamefika. Anayesema "makatibu yamefika" ameiona ma- akakimbilia ngeli ya matunda na majani. Hilo ni kosa la kawaida sana katika madaftari, na dawa yake ni kumzoeza mtoto aulize kwanza: je, ni kiumbe chenye uhai? Kama ndiyo, kitenzi kitaanza kwa a- au wa-, hata kama umbo la neno linasema vingine.

Maktaba ndiyo inayowachanganya wengi. Inaanza kwa ma-, kwa hiyo mwanafunzi hudhani tayari ni wingi. Sivyo. Tunasema maktaba hii imefungwa, na maktaba hizi zimefungwa. Ma- yake ni sehemu ya neno, haiondoki. Mashine vilevile: mashine hii, mashine hizi, na hakuna kitu kinachoitwa "shine". Kinyume chake kiliwahi kutokea kwenye karakana za magari, ambako bamba la kuzuia matope lenye jina la Kiingereza linaloanza kwa sauti ya ma- lilisikika kama wingi: madigadi. Watu wakaitoa ma- hiyo na kupata umoja wao, digadi. Barabarani nako, mzunguko uliowekewa kibao cha kumwamuru dereva kwa Kiingereza ashike kushoto ukaitwa kipilefti, na miwili ikawa vipilefti. Lakini kilo, ambayo nayo inaanza kwa ki-, haikukubali: tunanunua kilo mbili za sukari, wala si "vilo" viwili.

Kwa hiyo sauti ya mwanzo inashawishi, lakini haiamui peke yake. Kaa kidogo kwenye stendi uone. Basi limefika, mabasi yamefika. Lori limefika, malori yamefika. Gari ni magari. Lakini teksi imefika, teksi zimefika. Pikipiki imefika, pikipiki zimefika. Baiskeli na treni pia hazibadiliki. Vyote ni vyombo vya kusafiria, majina karibu yote ni ya kukopa, na hakuna kanuni ya sauti wala ya maana itakayokueleza kwa nini lori lilichukua ma- na teksi ikakataa. Mazoea ya wasemaji ndiyo yaliyoamua. Nguo nazo ni hivyo hivyo: shati ni mashati, sketi ni sketi. Mwalimu anayemwahidi mtoto kanuni moja ya maneno yote ya kukopa anamwahidi kisichokuwapo.

Kinachoweza kuelezwa ni kwa nini maneno mengi hivyo ya kukopa yaliweza kukaa bila kubadilika na lugha isione taabu. Sababu ni kwamba ngeli ya I-ZI ilikuwa na maneno ya aina hiyo tangu zamani, kabla ya meza ya Wareno na shule ya Wajerumani. Nyumba ni nyumba. Nguo ni nguo. Ndizi ni ndizi. Kiambishi cha ngeli hii ni n-, na ni kile kile katika umoja na wingi. Tena mbele ya sauti kama p, t, k, f na s hiyo n- humezwa kabisa, ndiyo maana taa haina n- inayosikika. Utauona mchezo huo pia katika maneno ya U-ZI, ambayo wingi wake hutumia n- hiyo hiyo: ulimi huwa ndimi, ubao huwa mbao, lakini ukuta huwa kuta tu. Basi ngeli ambayo tayari ilikuwa na maneno yasiyo na kiambishi cha kuonekana ikawa mlango mpana kwa wageni. Meza, kalamu, sahani, bendera, shule, redio, simu, kompyuta: yote yaliingia humo bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu.

Na bado lugha inajua kuhesabu. Katika mpangilio wa ngeli za lugha za Kibantu kwa namba, ulioenezwa na mtaalamu wa Kijerumani Carl Meinhof, nyumba moja imewekwa katika ngeli ya 9 na nyumba nyingi katika ya 10. Ni namba mbili tofauti kwa umbo moja. Kizulu kinaonyesha tofauti hiyo kwenye neno lenyewe: nyumba moja ni indlu, nyingi ni izindlu, na ile zi unaiona wazi. Kiswahili hakiiweki zi kwenye nomino. Kinaiweka kwenye maneno yanayoizunguka. Nyumba zile zimejengwa. Redio zangu zimeharibika. Hapo ndipo wingi ulipo.

Tuangalie basi ni maneno gani yanayoizunguka nomino, kwa sababu si yote yanayotoa taarifa hiyo. Ukisema "meza ndefu", hujaniambia kama ni moja au kumi. Kivumishi ndefu hakibadiliki, wala nzuri, wala kubwa, wala nyingine. Taarifa inatoka kwenye kiashiria: meza hii, meza hizi, meza ile, meza zile. Inatoka kwenye kimilikishi: meza yangu, meza zangu. Inatoka kwenye kihusishi cha -a: meza ya mbao, meza za mbao. Inatoka kwenye -ote na -enye: meza yote, meza zote, meza yenye droo, meza zenye droo. Na zaidi ya yote inatoka kwenye kitenzi: meza imevunjika, meza zimevunjika. Zoezi linalompa mtoto "meza ndefu" alipeleke katika wingi limemtega bure, maana jibu sahihi ni "meza ndefu" na hakuna wa kujua kama ameelewa au amenakili.

Sasa tuwaweke wale ndugu wanne katika sentensi moja:

Katibu ameacha mkataba huu ndani ya kitabu cha maktaba hii.

Wingi wake:

Makatibu wameacha mikataba hii ndani ya vitabu vya maktaba hizi.

Tuifuate hatua kwa hatua. Katibu amekuwa makatibu, na kitenzi kimeacha a- kikachukua wa-, kwa kuwa ni mtu. Mkataba huu umekuwa mikataba hii. Kitabu cha kimekuwa vitabu vya. Maktaba haikuguswa, lakini hii yake imekuwa hizi. Kama kiashiria kisingekuwapo, tungebaki na "vitabu vya maktaba", na msomaji asingejua kama ni maktaba moja au nyingi.

Angalia tena neno "hii" katika sentensi hizo mbili. Katika ya kwanza limekaa na maktaba, na ni umoja. Katika ya pili limekaa na mikataba, na ni wingi. Herufi ni zile zile, kazi ni tofauti. Kiambishi i- nacho ni hivyo: maktaba imefungwa ni moja, mikataba imevunjwa ni mingi. Mwanafunzi aliyekariri kwamba i- ni umoja na zi- ni wingi atasema "mikataba zimevunjwa", na kosa hilo halisikiki kwa watoto tu. Ndiyo sababu ngeli hufundishwa kwa jozi, U-I na I-ZI, na wala si kiambishi kimoja kimoja. I- peke yake haina jibu mpaka ujue mwenzake ni nani.

Kuna kosa jingine linalozaliwa na lile jibu la "halibadiliki". Wanafunzi, na hata baadhi ya vitabu vya mazoezi, huchanganya neno lisilobadilika na neno lisilo na wingi. Haya ni mambo mawili. Kalamu haibadiliki, lakini ina wingi: kalamu imepotea, kalamu zimepotea. Sukari nayo haibadiliki, ila sababu yake ni kwamba haihesabiki: sukari imemwagika, iwe kijiko au gunia. Maji, mafuta na maziwa yako upande wa pili, yanachukua ya- daima, yawe tone au pipa. Kuyatofautisha ni rahisi: weka neno "mbili" baada ya nomino. Kalamu mbili inakubali. Sukari mbili haikubali, mpaka utaje kipimo: kilo mbili za sukari. Mtu anaweza kuagiza "chai mbili" mgahawani na akaeleweka, lakini anachohesabu ni vikombe.

Vipi kuhusu wanaosema mameza, manyumba, mashule na madawa? Ma- hii watu huitumia kuonyesha ukubwa, wingi wa kupindukia au dharau, na kwa kazi hiyo ina nafasi yake katika mazungumzo. Haimaanishi kwamba wingi wa kawaida wa shule ni mashule. Dawa ndiyo inayobishaniwa zaidi, kwa ajili ya "madawa ya kulevya" inayosikika kila siku redioni. Tanzania ina chombo cha serikali kinachoitwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na jina hilo linafuata Kiswahili sanifu: dawa za. Kwa vyovyote, anayechagua ma- aifuate mpaka mwisho: madawa ya, yamekamatwa. "Madawa za kulevya" ni sentensi yenye vichwa viwili.

Kwa maneno ambayo mazoea yake yanatatanisha, mwamuzi wa karibu ni kamusi, lakini inabidi kujua kuisoma. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, humpa msomaji habari zote mbili kwa herufi chache. Baada ya neno huja "nm", yaani nomino. Kama neno hubadilika, kinafuata kiambishi cha wingi, kama vi- au ma-. Kisha, ndani ya mabano, unapewa viambishi vya upatanisho. Kwa hiyo daktari ana ma-, halafu mabano ya a-/wa-: neno linachukua ma-, kitenzi kinachukua wa-. Kwenye meza hakuna kitu kati ya "nm" na mabano ya i-/zi-. Utupu huo ndio unaosema neno halibadiliki, na mabano ndiyo yanayosema wingi wake uko wapi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kufundishwa kusoma alama hizo kwa kipindi kimoja, na akatoka hapo akiwa na njia ya kujibu swali la neno lolote jipya bila kumngoja mwalimu.

Haya, jaribu mwenyewe kabla ya kusoma majibu. Peleka katika wingi:

1. Mashine hii inasaga unga.
2. Waziri alifungua msikiti mpya.
3. Dereva wa teksi amevunja kioo.
4. Sahani yangu imepasuka.
5. Nimenunua baiskeli yenye kengele.
6. Ndege yule ameruka. Ndege ile imeruka.

Ya kwanza ni "Mashine hizi zinasaga unga." Unga hauhesabiki, kwa hiyo umeachwa. Ya pili ni "Mawaziri walifungua misikiti mipya." Mawaziri ni watu, kwa hiyo kitenzi ni wa-. Ya tatu ni "Madereva wa teksi wamevunja vioo." Teksi hapa zimekuwa nyingi bila neno kuonyesha, kwa kuwa wa iliyo mbele yake ni ya madereva. Ukitaka zionekane, andika "teksi hizi". Ya nne ni "Sahani zetu zimepasuka." Katika mazoezi ya shule sentensi nzima huingia wingi, mwenye mali pia, ndiyo maana yangu ikawa zetu, nje ya mtihani, "sahani zangu zimepasuka" ni Kiswahili safi kwa mtu mmoja mwenye sahani nyingi. Ya tano ni "Tumenunua baiskeli zenye kengele." Ya sita ina viumbe viwili vyenye jina moja: "Ndege wale wameruka, ndege zile zimeruka." Wa kwanza wana mabawa ya manyoya, za pili zina injini, na bila kiashiria na kitenzi usingewatofautisha wala usingewahesabu.

Katika sentensi zote sita, hakuna hata moja ambayo ingepimwa sawasawa kwa jozi ya maneno mawili yaliyosimama peke yake. Waalimu na wazazi mnaoandaa mazoezi haya, msiache jozi za kiti na viti, zina kazi yake kwa maneno yanayobadilika. Lakini mkifika kwenye redio, kalamu, shule na wenzao, msimwulize mtoto wingi wa neno. Mpeni sentensi yenye kiashiria na kitenzi, mwambieni aipeleke yote katika wingi, na msahihishe kile kinachofuata nomino.